Sifa Zimezidi Nafasi: Jinsi ya Kupunguza Uzito wa Wasifu Bila Kuficha Ulichofanya

Mwajiri anayekataa wasifu kwa sababu "sifa zimezidi" kwa kawaida hana shaka na uwezo wako. Ana hofu tatu: kwamba utaondoka mara tu upate nafasi ya ngazi yako, kwamba mshahara uliotengwa hautakutosha, na kwamba utapata tabu kupokea maagizo kutoka kwa msimamizi aliyekuwa bado shuleni wewe ukiwa kazini. Hofu hizi huzaliwa mapema, katika nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kabla hajafika kwenye maelezo yako mazuri. Kwa hiyo kazi iliyopo mbele yako ni kupanga upya uwiano, ili yale yanayofanana na kazi iliyotangazwa yachukue nafasi kubwa, na yale ya ngazi ya juu yabaki yakionekana lakini yasitawale ukurasa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwombaji alianza kama karani wa hesabu (2005 hadi 2007), akawa mhasibu (2007 hadi 2011), kisha mhasibu mkuu (2011 hadi 2017), na mwisho meneja wa fedha (2017 hadi 2024). Ana shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara. Sasa anaomba nafasi ya mhasibu wa malipo: kupokea ankara za wasambazaji, kuzihakiki, kuziingiza kwenye mfumo, kuandaa malipo ya kila wiki, na kulinganisha leja na taarifa za wasambazaji mwisho wa mwezi. Tangazo linataka stashahada au shahada ya uhasibu na uzoefu wa miaka 3.

Kwanza, chora mpaka

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, amua yasiyoguswa. Ni manne: jina la mwajiri, cheo rasmi, tarehe za kuanza na kumaliza, na vyeti ulivyonavyo kwa kadiri vilivyoulizwa. Haya ndiyo anayethibitisha taarifa zako huuliza kwa mwajiri wa zamani, na yakipishana, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Yanayoguswa ni mengine yote: majukumu gani utaje, kwa mpangilio gani, kwa urefu gani, na kwa vitenzi gani.

Jaribio la mpaka ni maswali mawili. Je, bosi wako wa zamani akisomewa mstari huu, atasema "ndiyo, alifanya hivyo"? Na je, mwajiri mpya akigundua baada ya miezi sita kile ulichokifupisha, ataona ulifupisha au ataona ulimdanganya? Mstari ukipita maswali yote mawili, uandike.

Kosa linalojitokeza zaidi ni kushusha cheo. Mtu anaandika "Mhasibu" mahali palipokuwa na "Meneja wa Fedha", akijiambia kwamba si uongo mkubwa kwa kuwa kazi za uhasibu alizifanya. Ni uongo wa kutosha. Njia safi ni kuacha cheo kama kilivyo, kisha kuongeza ukubwa wa kitengo na aina ya kazi pembeni yake: "Meneja wa Fedha (kitengo cha watu 6, usimamizi na uhakiki wa malipo)". Cheo cha umeneja peke yake humfanya msomaji afikirie ofisi kubwa ya pembeni na safari za vikao. Maneno machache baada yake humrudisha kwenye hali halisi, hasa kama ulifanya kazi katika taasisi ndogo ambako meneja ndiye pia anayefungua faili na kutafuta ankara iliyopotea.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Wasifu ni uteuzi: unachagua cha kusema. Fomu ya maombi ni tamko: inakuuliza, unajibu, na mara nyingi unatia saini kwamba majibu ni kamili na ya kweli. Fomu ikisema "taja ajira zote za miaka 10 iliyopita" au "taja kiwango cha juu cha elimu", jaza vyote, hata kama wasifu ulioambatanisha umefupishwa. Jibu la uongo kwenye fomu iliyotiwa saini linaweza kuwa sababu ya kukuachisha kazi hata baada ya kuizoea.

Panga majukumu yako katika mafungu matatu

Chapisha tangazo la kazi na upigie mstari kila kitenzi: kupokea, kuhakiki, kuingiza, kuandaa, kulinganisha, kujibu. Halafu andika kwenye karatasi nyingine majukumu yote uliyowahi kufanya, bila kuyapamba, na uyagawe. Fungu la kwanza ni yale yanayofanana na vitenzi vya tangazo. La pili ni yale yanayolisaidia la kwanza, mfano kumudu mfumo wa kompyuta au kujibu maswali ya wakaguzi wa hesabu kuhusu malipo. La tatu ni uongozi, mikakati, vikao vya bodi na majadiliano na mabenki.

Fungu la kwanza lipewe karibu theluthi mbili za maelezo yako ya kazi. La pili lichukue sehemu kubwa ya kilichobaki. La tatu lipate mstari mmoja kwa kila kazi ya uongozi, mwishoni. Usilifute kabisa, kwa sababu cheo cha meneja bila neno hata moja kuhusu watu uliowaongoza humfanya msomaji ajiulize kama kuna kitu kilitokea huko.

Tazama jinsi sehemu ya umeneja ya mwombaji wetu ilivyokuwa:

> Meneja wa Fedha, 2017–2024
> Niliongoza idara ya watu 6 na kubuni mkakati wa fedha wa miaka 5.
> Niliwasilisha taarifa za fedha kwa bodi kila robo mwaka.
> Nilijadiliana na mabenki kuhusu mikopo na viwango vya riba.
> Nilisimamia bajeti ya kampuni yenye matawi 4.
> Niliongoza mradi wa kuhamia mfumo mpya wa uhasibu.
> Niliidhinisha malipo yote.

Hakuna lisilo kweli hapo, lakini kwa anayetafuta mtu wa ankara, mistari mitano kati ya sita inasema "huyu hatakaa". Baada ya kupangwa upya:

> Meneja wa Fedha, 2017–2024 (kitengo cha watu 6)
> Nilihakiki malipo ya wasambazaji kila wiki: ankara dhidi ya oda ya ununuzi na hati ya kupokelea bidhaa, kabla ya kuidhinisha.
> Nilipitia ulinganisho wa leja na taarifa za wasambazaji kila mwisho wa mwezi, na kufuatilia tofauti hadi zilipofungwa.
> Nilishiriki kuhamisha kumbukumbu za wasambazaji kwenye mfumo mpya wa uhasibu, ikiwemo kuondoa majina yaliyojirudia.
> Niliandaa viambatisho vya malipo kwa ajili ya wakaguzi wa hesabu.
> Pia niliongoza timu ya watu 6 na kusimamia bajeti ya mwaka.

Angalia vitenzi. Ameandika "nilihakiki" na "nilipitia", hakuandika "niliingiza". Kama kwa miaka saba ankara ziliingizwa na wasaidizi wake, hana haki ya kujiandikia kazi ya mikono yao, na msaili atamgundua kwa swali dogo: "Ankara ikija na bei tofauti na oda, kwenye mfumo mliokuwa mnatumia ulikuwa unaizuia vipi?" Aliyeidhinisha tu atababaika. Aliyewahi kuingiza atajibu bila kufikiri.

Kazi ya mikono ya mwombaji huyu iko katika ule uhasibu wa 2007 hadi 2011. Wasifu wa kawaida huipa kazi ya karibuni maelezo marefu na ya zamani mstari mmoja. Hapa ni sahihi kuupindua uwiano huo. Mpangilio wa tarehe unabaki ule ule, kuanzia kazi ya mwisho kurudi nyuma, lakini sehemu ya 2007 hadi 2011 inapata mistari minne au mitano yenye takwimu za kazi yenyewe: ankara ngapi kwa mwezi, wasambazaji wangapi kwenye leja, siku ngapi za kufunga hesabu za mwezi. Tumia takwimu unazoweza kuzitetea. Kama hukumbuki idadi, eleza mzunguko: kila siku, kila wiki, kila mwisho wa mwezi.

Udhaifu wa mbinu hii ni wazi: msomaji atasema ujuzi huo umekaa sana. Jibu lake ni ushahidi wa karibuni, na ndiyo maana mstari wa kuhamisha kumbukumbu kwenye mfumo mpya umebaki katika umeneja. Unaonyesha kwamba mikono yake imegusa mfumo wa sasa. Asiye na ushahidi wa aina hiyo ni bora apitie mafunzo mafupi ya programu iliyotajwa kwenye tangazo kabla ya kuomba, na ayataje kwa tarehe.

Andika upya sehemu ya juu

Chini ya jina lako kuna muhtasari wa mistari mitatu au minne. Hapo ndipo hofu zinapozaliwa, kwa hiyo uandike mwisho, ukishajua maelezo ya chini yanasema nini. Ondoa maneno kama "kiongozi", "mbobezi", "mwenye maono". Ondoa pia jumla ya miaka. "Uzoefu wa miaka 19" kwa nafasi inayotaka miaka 3 ni kama kupiga honi mlangoni, na tarehe zilizo chini tayari zinamwambia kila anachohitaji kujua. Usiandike "uzoefu wa miaka 3" ili ulingane na tangazo. Huko ni kusema uongo.

Mwombaji wetu anaweza kuandika hivi: "Mhasibu mwenye uzoefu wa malipo ya wasambazaji, uhakiki wa ankara na ulinganisho wa leja. Nimezifanya kazi hizi kwa mikono yangu kama mhasibu, na baadaye kuzisimamia kama meneja wa fedha. Natafuta nafasi ya utendaji katika kitengo cha malipo." Neno "meneja" limetajwa hapo hapo juu, kwa makusudi. Msomaji akikutana nalo kwenye muhtasari, limeshapewa maelezo. Akilikuta chini bila kutarajia, anahisi kulikuwa na jaribio la kulificha.

Kazi za zamani na elimu

Kurasa mbili zinatosha. Kazi za mwanzo kabisa, kama ule ukarani wa 2005, ziingie chini ya kichwa "Kazi za awali", kila moja mstari mmoja wenye mwajiri, cheo na miaka. Usiifute kazi ya mwisho ili kuonekana mdogo: pengo la miaka saba linazua maswali mabaya kuliko cheo kikubwa. Vilevile epuka wasifu unaopangwa kwa ujuzi badala ya tarehe, ambao wengi hushauriwa kuutumia katika hali hii. Waajiri wenye uzoefu huusoma kama dalili ya kuficha kitu, na programu za kuchuja maombi huweza kushindwa kuunganisha kazi na miaka yake.

Elimu ihamishwe mwishoni. Shahada ya uzamili iandikwe mstari mmoja, bila mada ya utafiti wala tuzo. Ukiamua kuiacha kwa sababu haihusiani na kazi, unaruhusiwa, mradi fomu haikuiuliza na hujaandika popote kwamba unataja elimu yako yote. Lakini kama uliisoma muda wote bila kufanya kazi, kuiacha kutatengeneza pengo, na hapo ni afadhali ibaki. Mwenye uzamivu aondoe "Dkt." mbele ya jina lake kwenye wasifu na kwenye anwani ya barua pepe. Shahada yenyewe, kama ni ya fani ile ile, aiache.

Sababu moja, katika barua

Wasifu hauwezi kujibu swali la "kwa nini unashuka". Barua ya maombi ndiyo inayojibu, na iwe aya moja tu, ya pili. Sababu nzuri ina sifa tatu: ni ya kweli, inaelekea kwenye kazi hii badala ya kukimbia ile ya zamani, na msomaji anaweza kuiamini bila kukujua. "Niko tayari kufanya kazi yoyote" inashindwa kwa sababu inasema hukuichagua kazi yake. "Nimechoshwa na presha ya uongozi" inashindwa kwa sababu kitengo cha malipo nacho kina presha yake, hasa mwisho wa mwezi. Kueleza shida ya kipato ni kweli kwa wengi, lakini kunaithibitisha hofu ya kwanza, kwamba utaondoka.

Hii inafanya kazi:

> Mtaona katika wasifu wangu kwamba kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya umeneja. Sehemu ya kazi niliyoifanya vizuri na kuipenda zaidi ni uhakiki wa malipo na leja, na umeneja ulinitoa huko. Nimeamua kurudi kwenye utendaji. Nimesoma ngazi na majukumu yaliyotangazwa, nayo ndiyo ninayoyaomba.

Kila sentensi ina kazi yake: ya kwanza inataja jambo kabla msomaji hajalitaja mwenyewe, ya pili na ya tatu zinatoa sababu, ya mwisho inagusa mshahara na cheo bila kutaja fedha. Kama tangazo limeonyesha kiwango cha mshahara, unaweza kuongeza kwamba umekiona na unakikubali. Usitaje mshahara wako wa zamani kama hukuulizwa. Ukiulizwa, sema ukweli, kisha sema papo hapo kwamba unaomba kwa kiwango cha nafasi hii. Na kama sababu yako halisi ni nyingine, kama vile kutaka saa za kazi zinazotabirika au kuhamia fani mpya, andika hiyo. Usiazime ya mfano huu.

Linganisha vitu vilivyo nje ya wasifu

Anayekuita kwenye usaili huenda akakutafuta kwanza mtandaoni. Akikuta ukurasa wako wa LinkedIn umeandikwa "Kiongozi wa Mikakati ya Fedha" huku wasifu ukisema mhasibu, ataamini ukurasa. Badilisha mstari wa juu ufanane na muhtasari wako, na uhakikishe tarehe na vyeo ni vile vile, mwezi kwa mwezi. Angalia pia jina la faili: hati iitwayo "wasifu_meneja_mpya" imeharibu maombi kabla haijafunguliwa.

Wadhamini wanasahaulika zaidi. Bosi wa zamani anayekupenda atasema kwa nia njema, "Huyu mnampoteza kwenye ankara, mpeni idara." Mpigie mapema, mwambie unaomba nafasi gani na kwa nini, na umwombe azungumzie usahihi wako katika malipo. Mdhamini mmoja kati ya wale unaowataja awe mtu aliyekuona ukifanya kazi yenyewe, si aliyekuona ukiwasilisha taarifa kwa bodi tu.

Usaili

Jiandae kwa maswali mawili. La kwanza ni "utakaa muda gani?" Usiahidi miaka usiyoikusudia, eleza kinachokufanya ukae, na ukifananishe na sababu uliyoandika kwenye barua. La pili ni kuhusu msimamizi mwenye uzoefu mdogo kuliko wako. Jibu lenye nguvu ni la utendaji: "Nikiona jambo lingefanywa tofauti, nitamwambia yeye, mara moja, faraghani. Akiamua, natekeleza." Mifano yako yote ichukue kutoka kwenye ankara na leja. Mwombaji anayejibu swali la kulinganisha leja kwa hadithi ya mkutano wa bodi amebomoa kurasa mbili alizozijenga.

Kusoma majibu unayopata

Ukituma maombi kumi hivi na usiitwe popote, tatizo kwa kawaida ni fungu la kwanza: vitenzi vya tangazo havionekani kwenye nusu ya juu ya ukurasa. Ukijibiwa kwamba sifa zako zimezidi, maelezo yako huenda ni sawa lakini muhtasari au barua bado ina uzito. Ukiitwa, na msaili akashtuka anaposikia kwamba uliongoza watu sita, umepunguza kupita kiasi. Rudisha ule mstari wa uongozi na neno "meneja" kwenye muhtasari, kwa sababu msaili aliyeshtuka hutumia muda uliobaki akitafuta ni nini kingine hakukiona.

Zipo pia sehemu ambako hakuna wasifu utakaosaidia. Baadhi ya waajiri wana kanuni ya ndani inayofunga nafasi za chini kwa wenye elimu au ngazi fulani, na mara nyingine tangazo lenyewe linasema hivyo. Hapo muulize ofisa wa rasilimali watu kabla hujatuma. Akikwambia kikomo kipo, usipoteze jioni yako ukihamisha mistari.